Muthanna kwa Kanuni, Jamu Taksiri kwa Kumbukumbu: Namna ya Kutunga Zoezi la Kiarabu

Zoezi linalopendwa kuliko yote katika somo la Kiarabu ni jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza ina neno katika umoja, ya pili iko wazi kwa ajili ya uwili, yaani muthanna, na ya tatu iko wazi kwa ajili ya wingi. Mwanafunzi anaambiwa ajaze. Mwalimu anayefundisha Titye, Kasulu mjini au Kibondo hulichora ubaoni kwa dakika mbili, watoto wakalinakili madaftarini, na kazi ikaanza.

Kasoro ya jedwali hilo ni kwamba linauliza mambo mawili tofauti kana kwamba ni moja. Safu ya pili hujazwa kwa kanuni: aliyeielewa ataweza kuweka katika uwili hata neno ambalo hajapata kulisikia. Safu ya tatu, neno likiwa la wingi uliovunjika, yaani jamu taksiri, hujazwa kwa kumbukumbu: asiyefundishwa wingi wa neno hilo hana pa kuutoa, hata awe na akili kiasi gani. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulivunja jedwali hilo na kutunga zoezi la sehemu nne linaloenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari au bango moja la manila.

Maneno ya Kiarabu nimeyaandika hapa kwa herufi za Kilatini ili matamshi ya mwisho wa neno yaonekane. Herufi q ni kafu ile nzito, tw ni twa, na alama ya ' ni ain au hamza. Ubaoni yaandike kwa herufi zake, na uweke irabu zote.

Chagua maneno kumi na mawili tu

Usianze na orodha ndefu. Chukua mizani nne za wingi, na kila mizani uipe maneno matatu ambayo mtoto anayajua kwa macho.

Mizani ya af'aalun: qalamun, wingi aqlaamun (kalamu); waladun, awlaadun (mvulana); matwarun, amtwaarun (mvua).

Mizani ya fu'uulun: baitun, buyuutun (nyumba), darsun, duruusun (somo), qalbun, quluubun (moyo).

Mizani ya fi'aalun: jabalun, jibaalun (mlima), rajulun, rijaalun (mwanamume), kalbun, kilaabun (mbwa).

Mizani ya mafaa'ilu: masjidun, masaajidu (msikiti), madrasatun, madaarisu (shule), mazra'atun, mazaari'u (shamba).

Mlima, mvua na shamba nimeviweka makusudi. Mtoto wa nyanda za juu za Kasulu hahitaji picha ya kitabuni ili avijue, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwenye umbo la neno. Neno baabun, mlango, liache kwanza ingawa linaonekana rahisi. Wingi wake ni abwaabun, na ile wau iliyojificha katika umoja hutokeza ghafla katika wingi. Anayeanza atadhani umempa kanuni nyingine mpya.

Sehemu A: Uwili peke yake

Katika sehemu hii wingi usitajwe kabisa. Mwanafunzi anachukua neno la umoja, anaondoa tanwini, kisha anaongeza alifu na nuni neno likiwa marfu'u, au ya na nuni likiwa mansubu au majruru. Nuni hiyo ina kasra daima. Kwa hiyo jabalun huwa jabalaani, na ukisema umeiona milima miwili utasema ra'aitu jabalaini.

Wanafunzi wa madrasa huwa wameshalitamka umbo hili kabla ya kuijua sarufi yake. Kwa kawaida yetu ya Kishafii, mtoto anayefundishwa kutamka nia ya sala ya Alfajiri husema rak'ataini. Anaijua Tafsiri ya Jalalaini iliyoandikwa na Jalali wawili, al-Mahalli na as-Suyuti, na anasikia Makka na Madina zikiitwa Haramaini. Anza hapo. Waulize rakaa moja inaitwaje. Wakijibu rak'atun, waandikie ubaoni rak'atun na rak'ataini, moja chini ya nyingine, waone kilichoongezeka. Kisha waeleze kwamba katika nia neno hilo ni mansubu, ndiyo maana lina ya. Likiwa marfu'u huwa rak'ataani.

Mfano huohuo unafundisha jambo la ta marbuta. Ta iliyofungwa mwishoni mwa neno hufunguka ikifuatwa na herufi nyingine. Mazra'atun katika uwili ni mazra'ataani, na ta yake huandikwa ikiwa wazi katikati ya neno. Hapa pana makosa mawili yanayojirudia. Wengine huitupa ta na kuandika mazra'aani, na wengine huiacha imefungwa kisha wakabandika alifu na nuni pembeni yake. La kwanza ni kosa la sarufi, la pili ni la imla. Weka alama tofauti kwa kila moja unaposahihisha, mtoto ajue anarekebisha nini.

Maswali ya sehemu A yawe sentensi fupi zinazomlazimisha mwanafunzi abadili irabu:

1. Haadhaa qalamun. (Jibu: Haadhaani qalamaani.)
2. Haadhihi mazra'atun. (Jibu: Haataani mazra'ataani.)
3. Ra'aitu jabalan. (Jibu: Ra'aitu jabalaini.)
4. Ar-rajulu fii baitin. (Jibu, kwa kubadili neno la mwisho tu: Ar-rajulu fii baitaini.)

Sentensi nne zinatosha kwa kipindi kimoja. Mbili zinapima alifu, mbili zinapima ya, na moja kati yake inapima ta marbuta.

Kuna tahadhari moja kuhusu irabu. Ukiandika neno la watu, kama mu'allimun, katika hali ya nasbu au jarri bila irabu, uwili wake na wingi wake mzima hufanana herufi kwa herufi. Mu'allimaini, walimu wawili, na mu'allimiina, walimu wengi, yote huishia kwa mimu, ya na nuni. Kinachoyatofautisha ni irabu: uwili una fatha kabla ya ya na kasra chini ya nuni, wingi una kasra kabla ya ya na fatha juu ya nuni. Zoezi lililoandikwa haraka bila irabu huwa na majibu mawili yaliyo sahihi, na mtoto aliyekoseshwa huwa ameonewa. Kama hutaki kuandika irabu zote, andika angalau za herufi tatu za mwisho.

Sehemu B: Kupanga wingi kwa mizani

Sasa ndipo wingi uliovunjika unapoingia, na usiingie kwa swali la «toa wingi wa». Mpe mwanafunzi wingi wote kumi na mbili ukiwa umechanganywa, pamoja na visanduku vinne vyenye vichwa af'aalun, fu'uulun, fi'aalun na mafaa'ilu. Kazi yake ni kuliweka kila neno katika kisanduku chake, kupigia mstari herufi tatu za mzizi, kisha kuandika umoja wake pembeni.

Sababu ya kugeuza mwelekeo huu iko katika lugha anazozijua mtoto. Kiswahili na Kiha zote hubadilisha mwanzo wa neno: mtu huwa watu, umuntu huwa abantu, na sehemu inayobaki haiguswi. Mtoto amezoea kutafuta wingi mwanzoni. Kiarabu kinauvunja mwili wenyewe wa neno: herufi za mzizi zinabaki kwa mpangilio wake, lakini irabu na herufi za nyongeza zinapangwa upya kuzizunguka. Jicho la mtoto linahitaji kwanza kuzoea kuiona jimu, ba na lamu ndani ya jabalun na ndani ya jibaalun. Anayepigia mstari herufi hizo mara kumi na mbili huanza kuuona mzizi bila kuelekezwa.

Kwa nini asiulizwe moja kwa moja atoe wingi? Tazama kalbun na qalbun. Yana umbo moja kabisa: fatha juu ya herufi ya kwanza, sukuni juu ya ya pili. Lakini kalbun ni kilaabun, na qalbun ni quluubun. Tazama pia jabalun na qalamun: umbo ni moja, ila la kwanza ni jibaalun na la pili ni aqlaamun. Umbo la umoja halikupi wingi. Swali linalomtaka mtoto aubuni wingi kutokana na umbo linamfundisha kubahatisha, na bahati yake ikiangukia jibu sahihi leo, kesho itamwangusha.

Jozi ya kalbun na qalbun ina faida ya pili. Masikio yetu hayatofautishi sana kafu nyepesi na nzito, kwa hiyo mtoto anayeandika kwa kusikiliza anaweza kuandika mbwa mahali pa moyo. Wingi wa maneno hayo uko mbali sana, nao unaweza kumsaidia: akikumbuka quluubun na kilaabun, hatazichanganya kafu mbili hizo.

Mizani pekee kati ya hizi nne ambayo unaweza kumwomba mwanafunzi aitengeneze mwenyewe ni ya mafaa'ilu. Majina ya mahali yanayoanza kwa ma na yenye mzizi wa herufi tatu zilizo wazi karibu yote huifuata. Baada ya masjidun, madrasatun na mazra'atun, mpe maktabun, ofisi, uone kama atasema makaatibu mwenyewe. Lakini usimwambie ni kanuni isiyo na mwanya. Matwaarun, uwanja wa ndege, huanza kwa ma vilevile, na wingi wake ni matwaaraatun.

Kuna maneno ambayo watoto wanayajua kwa Kiswahili na yatawatega hapa. Jirani kwetu ni mtu mmoja, lakini katika Kiarabu jiiraanun ni wingi, na umoja wake ni jaarun. Malaika kwetu ni mmoja au wengi, lakini malaa'ikatun ni wingi wa malakun. Ulamaa ni wingi wa 'aalimun. Usiyaweke katika zoezi la kwanza. Yaweke katika la pili, na uliza umoja tu. Mtoto akijibu kwamba umoja wa jiiraanun ni jiiraanun, utajua anajibu kwa Kiswahili.

Sehemu C: Moja, mbili, tatu

Baada ya uwili kusimama na wingi kutambulika, viunganishe kwa hesabu. Swali linakuwa safu ya nafasi tatu, na mwanafunzi anahesabu:

qalamun, qalamaani, thalaathatu aqlaamin.
baitun, baitaani, thalaathatu buyuutin.
mazra'atun, mazra'ataani, thalaathu mazaari'a.

Mistari ya namna hii inapima mambo matatu. Kwanza, kwamba mbili haihitaji neno la namba. Mwanafunzi anayewaza «kalamu mbili» kwa Kiswahili ataandika ithnaani aqlaamun, yaani ataweka namba kisha wingi. Mwambie kwamba neno lenyewe limeshaibeba mbili mwishoni mwake. Ithnaani ikija, huja nyuma ya neno kwa mkazo tu: qalamaani ithnaani.

Pili, kuanzia tatu hadi kumi namba hufuatwa na wingi ulio majruru, na jinsi ya namba huwa kinyume cha jinsi ya neno. Kinachoangaliwa ni jinsi ya umoja, si ya wingi. Baitun ni la kiume, kwa hiyo namba inachukua ta: thalaathatu. Mazra'atun ni la kike, kwa hiyo namba inaiacha: thalaathu. Mtoto akikosea hapa, mrudishe kwenye umoja alioandika mwanzoni mwa mstari uleule, na jibu liko mbele ya macho yake.

Tatu, mizani ya mafaa'ilu haipokei tanwini, na ikiwa majruru bila al wala idhafa huchukua fatha badala ya kasra. Ndiyo maana ni mazaari'a, si mazaari'in. Usikomee tatu kila mara: andika pia khamsu madaarisa na sab'atu masaajida, mtoto aizoee fatha hiyo.

Usivuke kumi katika zoezi hili. Kuanzia kumi na moja hadi tisini na tisa neno linarudi katika umoja, likiwa mansubu, na huo ni mlango wa somo jingine.

Sehemu D: Sifa inafuata nini?

Hapa ndipo Kiswahili kinapomvuta mtoto kwa nguvu zaidi. Tunasema nyumba mpya, vitabu vipya, milima mikubwa: sifa inalifuata jina katika ngeli yake. Mtoto anatarajia Kiarabu kifanye vivyo hivyo, na katika uwili kinafanya. Al-baitaani jadiidaani: jina lina alifu na nuni, na sifa ina alifu na nuni.

Katika wingi wa visivyo watu, mambo hubadilika. Wingi huo huhesabiwa kama mwanamke mmoja:

Al-baitu jadiidun.
Al-baitaani jadiidaani.
Al-buyuutu jadiidatun.

Sentensi hizi tatu zikisomwa kwa sauti mfululizo, mtoto anasikia jinsi sifa inavyotoka umoja, ikaenda uwili, kisha ikarudi umoja ikiwa na ta. Fanya hivyo kwa jabalun na kabiirun: al-jabalu kabiirun, al-jabalaani kabiiraani, al-jibaalu kabiiratun. Katika zoezi hili la kwanza tumia vitu tu. Rijaalun na awlaadun ni watu, nao huchukua sifa ya wingi, kama ar-rijaalu kibaarun. Ukiyachanganya siku moja, hutajua kama mtoto amekosea wingi au amekosea tofauti ya mtu na kitu.

Kusoma makosa badala ya kuyahesabu

Tuseme mwanafunzi amerudisha majibu haya: wingi wa jabalun ni jabaluuna, uwili wa baitun ni buyuutaani, shule tatu ni thalaathu madaarisin. Majibu yote matatu yana kosa, na mwalimu aliye na haraka atampa sifuri. Lakini makosa yenyewe yanasema mambo tofauti.

Jabaluuna ni kanuni ya wau na nuni iliyopelekwa mahali pasipo pake. Mtoto ameisoma katika mu'allimuuna, akaipenda kwa kuwa ina uhakika. Dawa yake si maelezo marefu. Mwambie kwamba wau na nuni ni ya watu wa kiume na sifa zao, na mlima si mtu, kisha mrudishe sehemu B.

Buyuutaani inaonyesha kwamba anadhani uwili unajengwa juu ya wingi: kwanza nyumba nyingi, halafu mbili kati yake. Kosa hili ndilo hasa linalozalishwa na kufundisha safu zote tatu kwa mpigo. Mrudishe sehemu A, afanye maneno matano bila kuona wingi popote.

Thalaathu madaarisin ni kosa la mtu aliyekwisha kupiga hatua. Jinsi ya namba ni sahihi, wingi ni sahihi, na anajua kwamba neno ni majruru. Amekosa fatha moja tu. Mpe alama nyingi, na umwonyeshe fatha hiyo.

Jambo ambalo al-Ajurrumiyya imeshalipanga

Ibn Ajurrum wa Fasi, aliyefariki mwaka 1323, aliandika kijitabu ambacho hadi leo ndicho mlango wa nahau katika madrasa nyingi za Afrika Mashariki. Katika mlango wa alama za irabu aliiweka jamu taksiri pamoja na jina la umoja: yote mawili huwa marfu'u kwa dhumma. Uwili aliuweka kando, kwa alifu. Mpangilio huo una faida kwa mtunga zoezi. Mwisho wa buyuutun hubadilika kama mwisho wa baitun: buyuutun, buyuutan, buyuutin. Mtoto anayejua irabu za umoja hana irabu mpya ya kujifunza katika wingi uliovunjika, isipokuwa zile mizani zisizopokea tanwini. Mzigo wake wote uko katikati ya neno. Katika uwili ni kinyume: katikati haiguswi, mzigo wote uko mwishoni. Ukimwambia mwanafunzi wako sentensi hizo mbili kabla ya kugawa zoezi, atajua wapi atazame.

Kwa hiyo, mwalimu, tangu wiki ya kwanza usiandike neno jipya ubaoni bila wingi wake mbele yake: jabalun, jibaalun, mazra'atun, mazaari'u. Uwili usiandike, wauunde wenyewe. Jedwali la safu tatu liache hadi mwisho wa muhula, na siku hiyo lisiwe na neno lolote ambalo wingi wake haumo tayari katika madaftari yao.